Chai ya Kutoa Zebaki

Kila yanapofanyika maonyesho ya wasindikaji wadogo Shinyanga mjini, huwa naitwa kukaa kwenye meza ya waonjaji. Kazi yangu ni chai za majani na zile za unga zinazonywewa badala ya kahawa. Watu wakinitazama kwa mara ya kwanza hucheka, maana chai haionjwi kwa adabu. Unaichota kwa kijiko, unaivuta kwa kelele mpaka isambae ulimi mzima, halafu unaitema kwenye ndoo. Marehemu mama aliwahi kuniona nikifanya hivyo nyumbani kwetu upande wa Songwa akaniuliza ni nani aliyenilea.

Wananisema kuwa nina ulimi mkali, na hawamaanishi wa kuonjea. Ni kweli. Sina subira na maneno makubwa kwenye pakiti ndogo. Mtu ananiletea majani ya mlonge, kitu kizuri kabisa, kisha nyuma yake ameandika kinatibu kisukari, presha, figo, uzazi na msongo wa mawazo. Huwa namuuliza kama hospitali ya mkoa tuifunge leo au tusubiri wiki ijayo.

Utaratibu wetu ni kwamba kikombe kinatangulia, pakiti inafuata. Vikombe vyote ni vyeupe na vya aina moja, vina namba tu, na hakuna anayejua cha nani ni kipi. Majani yanapimwa kwenye mizani, maji yanamiminwa yakiwa yametoka kuchemka, vikombe vinafunikwa, tunasubiri. Tunanusa kwanza, tunaangalia rangi, ndipo tunaonja. Majani makavu tunayavunja kwa vidole. Yakikunjika badala ya kuvunjika, yana unyevu, na yenye unyevu yataota ukungu yakiwa dukani. Chini ya kikombe tunatafuta mchanga. Kwenye unga tunapitisha sumaku, kwa sababu mashine nyingi za kusaga za huku kwetu huachia vumbi la chuma, na nimeshawahi kuinua sumaku ikiwa imeota ndevu.

Mwaka mmoja, msimu wa mvua, upande wa kahawa ulitufurahisha. Kulikuwa na ya mbegu za bamia, na kulikuwa na ya michembe, vile viazi vitamu vyetu vilivyokatwa vikakaushwa, safari hii vimekaangwa mpaka vikawa rangi ya udongo wa mfinyanzi kisha vikasagwa. Tamu, nzito, ina harufu ya nyumbani. Ya bamia ilinukia kahawa kupita kiasi. Tulipofunua pakiti tukakuta imeandikwa haina kafeini. Mwenzangu mezani, mzee mstaafu wa maabara ya hospitali, alimwita mwenye pakiti akamuuliza kwa upole sana, na yule baba akakiri kwamba huongeza kahawa halisi kidogo, kwa ajili ya harufu tu.

"Basi kafeini imo," mzee akamwambia. "Na aliyekatazwa kahawa na daktari atakunywa akidhani yuko salama."

Hayo ndiyo tunayoyafanya baada ya kuonja, na watu wengi hawajui kama ndiyo kazi yenyewe. Pakiti inaweza kuahidi mambo machache. Inaweza kusema ndani mna nini, mmea gani na sehemu gani ya mmea, kwa mpangilio wa kilicho kingi kwanza. Inaweza kusema uzito, nani katengeneza na wapi, lini kimefungwa na lini kitaisha, unakiandaaje. Inaweza kuonya kwamba mjamzito, au mtu anayemeza dawa za presha, aulize kwanza kwa daktari. Rosela, kwa mfano, wapo waliochunguza wakaona inashusha presha kidogo kwa baadhi ya watu. Hilo halikupi ruhusa ya kuandika inatibu presha, ila linakupa sababu ya kumwonya anayemeza vidonge tayari. Neno "hutibu" ni la dawa, na dawa ina mlango wake wa kupitia, na kwenye huo mlango wanadai ushahidi. Ushuhuda wa jirani haupiti pale.

Kikombe kilichoshinda siku hiyo kilikuwa cha mchaichai, rosela na mlonge kidogo. Nimeonja chai nyingi na sijui niieleze vipi ile. Rangi yake ilikuwa safi kama ya komamanga, uchachu umekaa mahali pake, mlonge haukuleta ule uchungu wa majani mabichi. Majani yalivunjika kwa mlio. Yalikuwa makavu vizuri kuliko yote mezani, na hilo lilinishangaza kwa sababu mvua ilikuwa haijakatika na washiriki wengine wengi walituletea majani teketeke. Ile sikuitema. Niliimeza, nikaomba kikombe kingine.

Kisha tukafunua pakiti. Ilitoka Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita. Mbele palichorwa figo mbili nyekundu, na chini yake herufi kubwa za kijani: HUTOA ZEBAKI MWILINI. KINGA KAMILI KWA WACHOMA DHAHABU.

Mzee wa maabara alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti, na siku hiyo pia hakupandisha. Alisema tu, "Hii itaua mtu."

Kwa asiyeyajua ya kwetu, wachimbaji wadogo wakishasaga mawe na kuyaosha, wanachanganya ule mchanga na zebaki. Zebaki inashika dhahabu, vinakuwa donge moja la rangi ya fedha. Donge linawekwa motoni. Zebaki inapaa kama mvuke, dhahabu inabaki. Mvuke wenyewe huuoni na hauna harufu, na ndio unaoingia mapafuni, ukaenda kwenye damu, figo, ubongo. Kwa mjamzito unavuka mpaka kwa mtoto. Hakuna jani linaloukimbiza. Mwili wenyewe huutoa polepole ukiacha kuuvuta, na waliozidiwa wana dawa zake hospitalini, chini ya daktari.

Mwenye chai tulimwita. Alikuwa mama wa makamo, mjane, msafi, kitenge kimepigwa pasi. Alitusalimia kwa kupiga goti kidogo kama tulivyofundwa Usukumani, na nilimpenda pale pale, nikakasirika kwa kumpenda.

"Mama, chai yako ni nzuri kuliko zote," nilimwambia. "Sasa nieleze, haya maneno umeyatoa wapi?"

"Ya kwenye pakiti? Mwenye duka aliyenichapishia aliniambia bila neno la kutibu haitatoka dukani." Akatabasamu, akaniita mama kwa Kisukuma. "Lakini si uongo, mayu. Watu wenyewe wanasema. Wakinywa wanakojoa sana. Si ndiyo inatoka hiyo?"

"Ukinywa maji mengi pia utakojoa sana," mzee akasema. "Kinachotoka ni maji."

"Mimi nina shahidi," akasema yule mama, na sasa alikuwa amesimama wima. "Kuna binti pale kwetu anachoma dhahabu nyumbani kwake. Mikono ilikuwa inamtetemeka, hawezi kushika kikombe. Na ana mimba, aliyoitafuta miaka na miaka. Nikampa chai hii. Sasa anachoma kila siku bila wasiwasi. Hata dada yake msomi wa huku Shinyanga alikuwa anamkataza, sasa hamsikilizi tena."

Mimi ndiye dada msomi wa Shinyanga.

Mdogo wangu aliolewa Nyarugusu, na mumewe alipoenda kutafuta maisha mgodini Bulyanhulu akakawia, yeye akajifunza kununua madonge ya wachimbaji na kuyachoma mwenyewe. Nilimwambia aache alipokuwa hana mimba, nikamwambia kwa ukali zaidi alipoipata. Kila nikimpigia simu alikuwa akisema, "Dada usiwe na hofu, nimepata kinga." Nilidhani anazungumzia kile kifaa cha chuma kilichofungwa, kinachonasa mvuke usitoke. Nilifurahi hata. Nikawa namsifia kwa majirani.

Hatukuipa zawadi ile chai. Tulimpa yule mama maelezo, tukamwambia aondoe maneno yale na picha ya figo, arudi na pakiti ya kweli. Alilia. Alisema bila maneno yale yeye ni muuza majani tu. Nilimjibu kwamba mimi naonja majani tu, na bado nakula. Halafu nikamwomba tuongozane kwenda Nyarugusu kesho yake. Sikumwambia kwa nini mpaka tulipofika Geita.

Tulifika mchana, mvua imetoka kupita. Karasha za kusaga mawe zilikuwa zikiunguruma upande wa chini, na maji mekundu yalikuwa yakishuka njiani. Mdogo wangu alitoka kutulaki akipangusa mikono kwenye kanga. Tumbo lilikuwa limeshajitokeza. Alikuwa amekonda sehemu nyingine zote.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nionyeshe kinga yako."

Alicheka. Alidhani namtania. Akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye chumba kidogo cha mabati alichojenga kwa ajili ya kazi yake, akafungua mlango kwa fahari ya mtu anayeonyesha sebule mpya. Palikuwa na jiko la mkaa, moto bado hai, na juu yake kikaango kidogo ambacho kilikuwa kimemaliza kazi. Hakuna kifaa kilichofungwa wala dirisha la maana. Kwenye kigoda palikuwa na birika la chai nyekundu na kikombe.

Na juu, kutoka ukuta mpaka ukuta, palikuwa na vichanja vya matete. Vimejaa majani.

Sikuelewa mara moja. Niliinua mkono nikachukua jani la mchaichai, nikalivunja. Likalia. Makavu vizuri, katikati ya masika.

"Haya ya nani?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Ya mama huyu," akasema mdogo wangu, akimwangalia yule mjane aliyesimama mlangoni. "Mvua zilipoanza yakawa yanamwozea. Nikamwambia chumba changu kina joto kutwa, tuyaanike juu ya jiko. Yeye ananipa chai bure, mimi nampa joto. Tumesaidiana."

Nimelifikiria sana tangu siku ile. Hakuna aliyekuwa mjinga kati yao. Mmoja alikuwa na majani yanayooza, mwingine ana moto usiozimika, wakafanya walichofanya wanawake wa kwetu tangu zamani, kugawana jiko. Nani angewaambia? Mvuke hauna rangi. Ulikuwa unapanda kutoka kwenye kikaango, unafika kwenye vichanja, unapoa, unakaa juu ya majani. Yakishakauka yanafungwa kwenye pakiti yenye figo mbili nyekundu, yanauzwa kwa wachoma dhahabu wengine, na pakiti nyingine inarudi humu humu, kwenye birika hili.

Na nyingine ilifika mezani kwangu nikaomba kikombe cha pili.

Nilimshika mdogo wangu mkono nikamtoa nje. Nadhani nilimvuta kwa nguvu, maana alisema namuumiza. Nikamweleza pale uani, kwa maneno mafupi, na nikiri kwamba sikuwa mpole. Alinitazama kama mtu anayesikia habari za msiba wa jirani, bado hajajua ni wa kwake.

"Lakini nakunywa kila siku, dada. Asubuhi na mchana. Nikianza kutetemeka naongeza."

"Mikono imeacha kutetemeka?"

Akaificha ndani ya kanga.

"Nyoosha mikono," nikamwambia.

Aliinyoosha. Vidole vilikuwa vikicheza vyenyewe, kidogo kidogo, kama vya mtu anayekung'uta unga. Yule mjane aliketi chini kwenye tope na kitenge chake cha pasi. Alisema kwa Kisukuma, si kwa ajili yetu, kwamba mama yake mzazi anaitumia chai ile, na kwamba yeye mwenyewe anainywa tangu aanze kuitengeneza. Kisha akainuka, akaingia ndani ya kile chumba, na tukasikia matete yakivunjika. Nilimwahi asiyatupie jikoni. Nilimkataza kuchoma hata jani moja, maana kuyachoma ni kuurudisha mvuke hewani. Tuliyafunga kwenye mifuko, mengine tukayachukua kwa ajili ya kupimwa.

Kupima huchukua muda, na muda ule wote yule mama alizunguka maduka ya Nyarugusu na Geita akiomba pakiti zake zirudishwe. Aliniambia baadaye kwamba wengine waligoma. Walisema inafanya kazi, wao wenyewe wamekojoa. Mchomaji mmoja alimwambia ana wivu na wateja wake mwenyewe. Maneno yale ya kijani yalikuwa yameshaacha kuwa ya kwake, na alichosema kwa mdomo hakikuwa na nguvu kama alichoandika.

Majibu yalipokuja, mzee wa maabara alinipigia simu badala ya kunitumia karatasi. Zebaki ilikuwa kwenye majani, juu ya kiwango kinachoruhusiwa. Akaongeza kwamba kilichomuumiza zaidi mdogo wangu si kile kikombe, ni hewa ya kile chumba, na kilichomweka ndani ya kile chumba ni yale maneno. Kama chai ile ingekuwa safi kama maji ya mvua, bado ingemdhuru kwa sababu ilimwambia abaki.

Mdogo wangu nilikuwa nimeshamchukua siku ile ile, nikaishi naye kwangu Shinyanga. Hospitalini walipima mkojo, wakakuta zebaki. Daktari alikuwa kijana, lakini alizungumza kama mtu mzima. Alisema dawa ya kwanza tumeshampa, ni kumtoa pale. Hizo nyingine hawezi kumpa ovyo akiwa mjamzito. Watamfuatilia, watapima tena, wataona. Mdogo wangu alimuuliza mtoto ataathirika vipi. Daktari akasema huenda isiwe kitu, huenda ikawa kitu, na mengine hayaonekani mpaka mtoto aanze kukaa, kutembea, kusema.

Tukasubiri. Ilikuwa miezi mibaya. Nyumba nzima ilinuka chai zangu za sampuli na yeye hakutaka hata moja, alikunywa maji ya moto matupu. Usoni alianza kunawiri, mikono ikawa afadhali siku nyingine, siku nyingine haikuwa. Alianza kushona vinguo vya mtoto, akaacha. Nilikuwa namwona akiweka kiganja tumboni na kusikiliza, na kila mtoto alipocheza aliniita nije nishike, kana kwamba mimi ningeweza kujua kwa kugusa. Niliogopa kila aliponiita. Nilikwenda kila mara.

Yule mjane alituletea pakiti mpya kabla ya siku za mdogo wangu za kujifungua kufika. Alikuwa amejenga kikaushio cha jua cha karatasi ya nailoni, mbali na mwalo wa kuoshea dhahabu na mbali na moshi wa mtu yeyote. Pakiti ilikuwa nyeupe. Mchaichai, rosela, majani ya mlonge. Uzito. Tarehe. Chemsha maji, funika, subiri. Mjamzito aulize kituo cha afya. Hakuna figo. Alisema inatoka polepole sana dukani, lakini majani mapya ameyapeleka kupimwa na ni masafi. Alisimama mlangoni na hakutaka kuingia, na mdogo wangu akatoka akamshika mkono. Sijui walichosemezana.

Mtoto alizaliwa asubuhi, akalia vizuri. Nilipoingia wodini mdogo wangu alikuwa amekaa, mto mapajani, mtoto juu ya mto, mikono miwili imemzunguka bila kumwinua. Alikuwa hajiamini kumwinua. Vidole vyake vilikuwa vikicheza juu ya shuka na mtoto alikuwa akivitazama, au alikuwa akitazama tu, kama wanavyotazama siku ya kwanza.

"Dada," akasema, "wewe kazi yako ni kusema kitu kinaweza kuahidi nini. Nisemee huyu."

Nilimtazama mtoto. Nilitaka kusema neno kubwa. Nilikuwa nalo mdomoni, na kwa mara ya kwanza maishani nilielewa kwa nini watu huyaandika.

"Ni msichana," nikamwambia. "Amezaliwa leo. Ana uzito mzuri. Ananyonya."

Akasubiri niendelee.